Somo: Kurenda nyumba usiku, anga kwanza taa baadaye

Wengi wetu tukirenda nyumba usiku tunaanza na taa. Kila taa inaongezwa mpaka ipendeze, halafu ndipo anga linatafutiwa rangi ya kuendana nazo. Mwishowe madirisha yanaungua meupe na anga linabaki la kijivu. Hapa tunakwenda kinyume. Natumia Blender na Cycles, na mfano ni nyumba ya chini yenye sebule ya vioo, baraza, na njia ya pevingi ya mita 12 kutoka getini.

1. Funga anga

Wakati tunaoutafuta ni baina ya magharibi na isha. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu wima, kwa hiyo buluu ile nzito haikai sana. Ukitaka picha za kuigia, uwe umeshasimamisha kamera kabla jua halijazama.

Kwenye World weka Background yenye Strength 1 na rangi hii:

```
R 0.02   G 0.05   B 0.16
```

Kwa macho, mwangaza wake ni kama 0.05. Kijivu cha katikati ni 0.18, maana yake anga lipo chini yake kwa karibu stopu 2: limekoza, ila paa na miti bado vinaonekana vikikatiza mbele yake. Karibu na upeo lipandishe kidogo kwa Color Ramp. Weka View Transform kuwa AgX, Exposure iwe 0, na kuanzia hapo usiiguse tena. Taa ndizo zitakazolifuata anga.

2. Sebule

Lengo ni ukuta wa ndani, ukitazamwa kupitia kioo, uzidi anga kwa stopu 2 hadi 2.5. Weka Point ya wati 40 karibu na dari, rangi itoke kwenye Blackbody ya 2800. Wati za Blender si zile za kwenye boksi la balbu, kwa hiyo usishangae namba.

Kupima, badilisha View Transform kwa muda iwe False Color. Anga litaangukia upande wa buluu. Ukuta unatakiwa upite kijivu kidogo tu. Nyekundu ibaki kwenye balbu yenyewe. Ikienea ukutani, punguza wati. Vyumba vingine vipe nusu ya sebule au chini zaidi, na kimoja kiache giza. Nyumba ambayo kila dirisha linawaka sawasawa huonekana kama ukumbi wa sherehe.

Sasa angalia sakafu ya baraza. Kama hakuna mwanga uliomwagika kutoka sebuleni, kosa liko kwenye kioo: Glass BSDF inazuia mwanga wa moja kwa moja wa taa. Ichanganye na Transparent BSDF kwa Mix Shader, na kwenye Fac unganisha Is Shadow Ray ya Light Path.

3. Njia

Taa fupi za sentimita 60, wati 5 kila moja, zikipishana kushoto na kulia kila mita 2 hivi. Kila taa iangushe duara lake, na kati ya duara na duara kubaki na kiza ambacho buluu ya anga inaweza kukigusa. Pevingi ikiwaka yote kwa usawa, jicho halina pa kufuata. Kadiri unavyokaribia mlango, ongeza kidogo, ila baraza ibaki ndiyo yenye nguvu.

4. Mizani ya mwisho

Kabla ya kurenda, tengeneza Light Groups tatu: anga, ndani, njia. Kwenye Compositor kila kundi linatoka peke yake. Unalizidisha kwa namba yake kisha unayajumlisha. Mteja akisema njia imezidi, unabadilisha 1 kuwa 0.7 bila kurenda upya. Kumbuka kupitisha kila kundi kwenye Denoise, kwa sababu kusafisha picha kuu hakusafishi makundi.

Maswali

*Mwanachama, Mombasa:* Mwalimu, nyumba yangu yote imekuwa chungwa. Nimetumia 2000.

Hiyo ni rangi ya mshumaa, ndugu yangu. Rudi 2700 hadi 3000. Kama una Blender 4.3 au zaidi, washa White Balance na ushushe Temperature kutoka 6500 hadi karibu 5000: madirisha yatakuwa ya malai na buluu itazidi.

*Mwanachama, Dodoma:* Mimi napata vidoti vyeupe kuzunguka taa za njia, hata nikiongeza sampuli.

Balbu yako ni ndogo mno na imefungiwa ndani ya kioo. Ongeza Radius ya taa hadi sentimita 3 au 4, na kioo cha taa kizimie Shadow kwenye Ray Visibility. Hakikisha pia Light Tree imewashwa.

*Mwanachama, Nairobi:* Mteja wangu anataka iwe saa nne usiku, anga jeusi kabisa.

Punguza kundi la anga hadi 0.4, ambayo ni stopu moja na kidogo, kisha angalia ukingo wa paa. Ukipotea, weka Area hafifu ya buluu nyuma ya nyumba ili ukingo urudi. Mpelekee matoleo yote mawili. Kama hukuongeza Area, la pili halikugharimu renda, kwa sababu makundi unayo; ukiiongeza, itabidi urende tena.