Herufi zile zile, mizizi miwili

Kwa wenzangu tunaosoma Kiebrania hapa Mbale, neno linalotutatiza mara nyingi ni lile ambalo, ukiisha kuondoa vav na yod za mwanzo, hubakiza konsonanti mbili tu, kama bet na nun. Msikimbilie kamusi kabla ya kutazama irabu iliyo chini ya yod.

Katika Mwanzo 12:7, Abramu alipojenga madhabahu, tunasoma vayiven: chini ya yod kuna hirik, yaani nukta moja, nayo huashiria kwamba kilichoanguka ni he ya mwisho, hivyo mzizi ni bet-nun-he, kujenga. Katika 1 Samweli 3:8, Eli alipotambua ni nani aliyemwita kijana, herufi ni zile zile, lakini husomwa vayaven kwa kamets, alama inayofanana na T ndogo. Hapo herufi ya katikati ndiyo iliyofifia, na mzizi ni bet-yod-nun, kufahamu.

Kamets peke yake haitoshi, kwa kuwa vayasov, "akazunguka", inayo pia, ilhali mzizi wake ni samek-bet-bet. Kwa hiyo mkiona kamets, jaribuni katika kamusi mzizi ambao herufi yake ya katikati imefifia na ule unaorudia konsonanti ya mwisho, kisha aya yenyewe iamue.