Chai ya maziwa iliyolala: inywewe au imwagwe?

Anayeuza chai asubuhi hulisikia swali hili mara kwa mara: "Ya jana imebaki sufuriani, nikiichemsha tena si itafaa?" Kwa chai ya maziwa iliyolala mezani jibu langu ni hapana, hata kama haijakatika wala kunuka. Lakini kuna iliyolala na bado inanyweka. Fuata hatua hizi kuzitofautisha. Kahawa ya maziwa ni vilevile.

Hatua ya 1: Jua ililala wapi, na tangu saa ngapi

Usianze kwa kunusa. Anza kwa kuhesabu saa ambazo chai ilikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60, maana hapo ndipo bakteria huzaana. Ikizidi saa 2, usiiweke akiba.

Tuchukue sufuria ya lita 2 iliyoepuliwa saa 2 usiku, ikafunikwa na kuachwa jikoni, nyuzi 28. Baada ya saa moja hivi inashuka chini ya 60. Ikifika saa 12 asubuhi, imeshakaa kwenye vuguvugu saa kama 9. Bakteria wakipata maziwa na joto la namna hiyo wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Hesabu saa 8 tu kwa mwendo huo: mmoja anakuwa zaidi ya 65,000. Sukari ya kwenye chai haiwazuii, ni kidogo mno.

Hatua ya 2: Ya sufuriani mwaga, usiichemshe

Hapa ndipo watu wengi hubisha, kwa hiyo niieleze vizuri. Kuchemsha kunaua bakteria wengi, ni kweli. Ila wapo wanaojifungia ndani ya ganda gumu na kuvumilia mchemko wa jana, kisha chai inapopoa wanaamka na kuzaana bila mshindani. Wengine huingia baadaye kwa upawa au kwa kikombe kilichochovywa. Baadhi yao hutoa sumu ndani ya maziwa, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa jiko. Ukichemsha asubuhi unaua aliyeiweka, yenyewe inabaki. Mnywaji anaweza kuanza kutapika ndani ya saa chache, na kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee si jambo la kujaribia. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, ndiyo maana pua haitoshi.

Hatua ya 3: Ya kwenye chupa, pima

Chupa ya chai nzuri, iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka na kujazwa hadi juu, hutunza moto saa nyingi. Asubuhi chomeka kipimajoto cha jikoni. Ikiwa bado imezidi 60, inywewe. Ikiwa ni vuguvugu, mwaga, kwa sababu imeshashuka kwenye joto lile baya, na huwezi kujua tangu saa ngapi. Huna kipimajoto? Basi iliyolala usiku kucha ihesabu kuwa imepoa. Osha pia kizibo na mpira wake, maziwa hujificha hapo.

Hatua ya 4: Ukitaka ilale, ipoze upesi

Hii ndiyo njia ninayoiamini. Ichuje majani, kisha weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ya barafu kama ipo, ukikoroga kwa kijiko safi. Maji yakipata moto, badilisha. Chai ikipoa, mimina kwenye vyombo vidogo vyenye mifuniko, uingize kwenye friji kabla saa 2 hazijaisha tangu uiepue. Asubuhi chemsha kiasi cha kunywa tu, hadi itokote, na ikibaki tena usiirudishe.

Umeme ukikatika au LUKU ikiisha usiku, friji lisilofunguliwa hushika baridi kama saa 4. Zaidi ya hapo, ihesabu kama ya mezani.

Hatua ya 5: Ikikatika motoni

Chai iliyotoka kwenye friji ikifanya mabonge inapopashwa, maziwa yameshaanza kuchacha. Mwaga. Utando laini wa juu peke yake si dalili ya kuharibika, ni mafuta na protini ya maziwa.

Kuna mabonge mengine yanayowachanganya wapishi, ya tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, hata yaliyokamuliwa asubuhi ileile. Ichemshe kwanza na maji na majani kwa dakika chache, ndipo umimine maziwa. Ukishazoea kupika hivyo, chai ikikatika hutakuwa na sababu ya kuisingizia tangawizi.