Bima ya mzazi mwenye sukari na presha Moshi: anza na dirisha la dawa

Mwanadiaspora anapomkatia mzazi wake bima ya afya, jicho lake huvutwa na ile tarakimu kubwa iliyoandikwa juu kabisa ya kifurushi, yaani kiasi kitakacholipwa mzazi akilazwa. Kulazwa ni jambo zito na lazima kuwemo. Hata hivyo, kwa mzazi mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu, fedha hutoka kila mwezi kwenye dirisha la dawa na kila baada ya miezi michache kwenye maabara, na huko ndiko bima nyingi zinakobana. Mwongozo huu unahusu upande huo tu: dawa za kila mwezi na vipimo vya kufuatilia, kwa mzazi anayeishi Moshi au vijiji vilivyo juu yake.

Kabla ya kulipa, omba mkataba wenyewe, usiridhike na kipeperushi. Tafuta kwanza wanasema nini kuhusu ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kukata bima. Baadhi ya bima binafsi huuondoa kabisa, nyingine huulipia baada ya kipindi cha kusubiri, na nyingine huulipia tangu mwanzo lakini kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho kidogo ndicho kikomo cha ndani, nacho huandikwa mbali na ile tarakimu kubwa. Halafu hakikisha matibabu ya wagonjwa wa nje yamo, kwa sababu kifurushi cha kulazwa peke yake hakitanunua hata kidonge kimoja cha presha mzazi akiwa nyumbani.

Wapo mawakala watakaokushauri usitaje ugonjwa kwenye fomu ili malipo yawe nafuu. Usikubali. Mzazi aliyehudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka ana faili, na siku atakapolazwa kwa sababu ya figo au kiharusi, daktari ataandika tangu lini anaugua. Bima ikisoma maelezo hayo ina haki ya kukataa dai lote, na bili itabaki kwenu wakati ambao ni mgumu kuliko wote. Andika kila ugonjwa na kila dawa, na utunze nakala ya fomu uliyosaini.

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 66 anayeishi Kibosho, ambaye binti yake yuko Minnesota. Mama anatumia metformini ya miligramu 500, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, pamoja na amlodipini na losatani, kila kimoja kidonge kimoja kwa siku. Tuseme bima iliyopatikana ina kikomo cha shilingi 600,000 kwa mwaka kwa magonjwa ya kudumu. Tuseme pia kwamba kumwona daktari na kuchukua dawa kunagharimu shilingi 53,000 kwa mwezi, na kila baada ya miezi mitatu kuna vipimo vya shilingi 45,000. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za hospitali yenu. Kufikia mwisho wa mwezi wa nane, dawa na daktari vimekula shilingi 424,000, na vipimo vya mwezi wa kwanza, wa nne na wa saba vimekula 135,000, jumla 559,000. Mwezi wa tisa unapovuka 600,000, mama anafika dirishani na kuambiwa kadi haisomi. Binti hakudanganywa na mtu yeyote, ila hakuwahi kuigawa 600,000 kwa miezi 12 na kuona kwamba ni shilingi 50,000 tu kwa mwezi. Fanya hesabu hii kabla ya kusaini, na kama haitoshi, amua mapema ni nani atakayelipia miezi ya mwisho wa mwaka.

Kabla hamjafika kwenye bima binafsi, ulizaneni kwanza ndani ya familia. Mtumishi wa umma anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) anaruhusiwa kuandikisha mwenza wake na wategemezi wengine wasiozidi wanne, na wazazi pamoja na wakwe wanaweza kuwa miongoni mwao. Kama kaka ni mwalimu Hai na ana watoto wawili tu kwenye kadi yake, nafasi ya mama ipo. Mara nyingi fedha za mwanadiaspora hufanya kazi kubwa zaidi zikienda kwenye yale ambayo kadi hiyo hailipi, kama nauli, vijiti vya kupimia sukari na dawa iliyokosekana, kuliko kununua bima ya pili inayorudia ya kwanza.

Kadi yoyote mtakayoipata, chagueni kituo kimoja cha kudumu kilicho karibu. Wengi hudhani kwamba kumpenda mzazi ni kumpeleka KCMC kila mwezi. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda, na bima huangalia rufaa na ngazi ya kituo kabla ya kulipa. Kwa mgonjwa aliyetulia, hospitali ya Kibosho kwa watu wa huko, Machame kwa watu wa Hai, au Mawenzi kwa wakazi wa mjini inatosha kabisa kwa kliniki ya kila mwezi. Lakini ulizeni pia kuhusu dawa zenyewe, kwa kuwa baadhi ya dawa hulipwa tu zikiandikwa katika hospitali ya ngazi fulani. Dawa iliyoanzishwa na daktari bingwa inaweza isipatikane kwa kadi kwenye kituo cha chini.

Hesabu ya vidonge

Hapa ndipo panapoharibika kimyakimya. Mwambie aliye karibu na mama apige picha ya bahasha za dawa kila zinapotoka dirishani. Juu ya bahasha ya metformini utaona imeandikwa 2x2, yaani vidonge viwili mara mbili kwa siku, na juu ya amlodipini 1x1. Zidisha: metformini ni vidonge vinne kwa siku, kwa hiyo siku 30 zinahitaji vidonge 120. Kama amepewa 112, hizo ni dawa za siku 28. Sasa tazama tarehe ya kurudi. Akichukua dawa tarehe 5 Januari na akaambiwa arudi tarehe 5 Februari, hizo ni siku 31, naye atakaa siku tatu bila dawa. Wazee wengi hawatalalamika. Wataanza kumeza kimoja badala ya viwili ili ziwafikishe, na siku ya kliniki sukari itakuwa juu. Daktari asiyejua ataongeza dozi, kumbe dawa haikushindwa.

Vitu vitatu lazima vilingane: idadi ya siku alizoandika daktari, tarehe ya kurudi, na muda ambao bima inaruhusu dawa kutolewa tena. Bima ikihesabu siku 30, ombeni daktari aandike dawa za siku 30, kwa sababu anayerudi siku ya 28 anaweza kukataliwa na mfumo. Kama bima haina sharti hilo, njia rahisi kwa mzee ni kurudi kila baada ya wiki nne kamili katika siku ileile ya juma. Na siku moja kabla ya kliniki, vidonge vilivyobaki vihesabiwe. Vikibaki vingi, anaruka dozi. Vikiisha mapema, ama hakupewa vya kutosha au anameza zaidi ya ilivyoandikwa.

Siku nyingine dirishani wataambiwa, "Mama, hii ya presha imeisha, utanunua nje." Kwa mwenye kadi ya NHIF, hapo ndipo pa kuomba Fomu 2C, ambayo inamruhusu kuchukua dawa iliyokosekana kituoni kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko. Asiondoke bila fomu hiyo, na aulize ni duka gani mjini linaipokea, kwani si kila duka linaipokea. Asimamiaye dawa azoee jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, wala si jina la kiwanda lililo kubwa kwenye boksi. Losatani ya boksi jekundu kutoka hospitalini na ya boksi la bluu kutoka dukani ni dawa ileile, na wapo wazee wanaozimeza zote mbili wakidhani ni tofauti.

Vipimo vinavyostahili kulipiwa

Kipimo kikuu ni HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu. Hufanywa kila baada ya miezi mitatu kama sukari haijatulia au dawa imebadilishwa, na kila miezi sita ikiwa imetulia. Sukari ya kidoleni asubuhi ya kliniki haiwezi kuchukua nafasi yake, maana mgonjwa anaweza kujinyima siku mbili kabla. Walau mara moja kwa mwaka apimwe figo, yaani kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, na macho yachunguzwe ndani kwa matone ya kupanua mboni. Anayeanzishiwa losatani hupimwa kreatinini na potasiamu tena baada ya wiki moja au mbili. Figo zina uzito wa pekee kwa mama huyu, kwa sababu metformini hupunguzwa kiwango cha uchujaji wa figo, kinachoandikwa eGFR kwenye majibu, kikishuka chini ya 45 na husimamishwa kikishuka chini ya 30. Muulizeni pia, bila kumkaripia, kama ananunua diklofenaki kwa ajili ya magoti. Inapandisha presha, na ikikutana na losatani inaweza kuumiza figo, lakini kwa kuwa hununuliwa kwa fedha taslimu haionekani kwenye rekodi yoyote ya bima.

Bima nyingi hukataa kipimo kilichoombwa kama uchunguzi wa jumla, na hulipa kilekile kikiambatana na ugonjwa ulioandikwa. Kwa hiyo fomu ya daktari ioneshe kisukari aina ya 2 na shinikizo la damu, siyo "kuangalia afya". Mkikataliwa, rudini kwa daktari siku hiyohiyo arekebishe kabla hamjalipa, kwa sababu fedha ikishalipwa mkononi kurudishiwa ni safari ndefu.

Majibu yakikufikia kwa simu, angalia vipimio kabla ya kushtuka. Moshi sukari huandikwa kwa mmol/L. Marekani hutumia mg/dL, na unazidisha kwa 18, hivyo 9.5 ya mama ni 171 kwako. Aliye Uingereza huzoea HbA1c ya mmol/mol, ambako 53 ni sawa na asilimia 7 ya karatasi ya Moshi. Kwa sababu hiyohiyo usimnunulie mashine ya kupimia sukari huko uliko. Vijiti vya mashine moja haviingii kwenye nyingine, na bima nyingi hazivilipii. Muulize mwenye duka la dawa Moshi ana vijiti vya mashine gani kila mwezi, kisha mnunulie mama mashine hiyo.