Dereva amegonga akiwa amechepuka njia: jinsi ya kujua kama kampuni italipa

Dereva akimgonga mtu akiwa kwenye barabara aliyopangiwa, anapeleka mzigo wa kampuni, mwajiri hana pa kukimbilia. Uzembe wa dereva ukithibitika, kampuni inabeba fidia pamoja naye, hata kama meneja hakukosea chochote. Kesi zinazosumbua ni zile ambazo dereva aliacha njia kidogo: kapitia nyumbani kula, kapitia kwa fundi, kampeleka jamaa mahali, na ajali ikatokea hukohuko. Hapo kampuni nyingi hukimbilia kusema "hakuwa kazini", na nyingi hushindwa.

Mwongozo huu unafuata mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza. Mifumo mingine ina milango yake. Ujerumani, kwa mfano, kifungu cha 831 cha sheria yao ya madai kinamruhusu mwajiri kujinasua akithibitisha kwamba alikuwa makini katika kumchagua na kumsimamia dereva. Kwenye mfumo tunaouzungumzia hapa, umakini huo haukuokoi na kosa la dereva.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi wa safari siku hiyohiyo

Anza hapa kwa sababu mzigo wa kueleza safari utakuwa wako. Mdai akishaonyesha kwamba gari ni la kampuni, mahakama huanza kwa kudhani kwamba aliyeendesha alikuwa anaendesha kwa niaba ya mwenye gari. Kanuni hiyo ilitamkwa kwenye kesi ya Barnard dhidi ya Sully ya mwaka 1931. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa, ila kwa ushahidi tu. Kukanusha kwa mdomo hakutoshi.

Unachohitaji ni orodha ya wateja wa siku hiyo kwa mpangilio, hati za kupokelea mzigo zenye sahihi na saa, rekodi ya kifaa cha kufuatilia gari, kumbukumbu za simu kati ya dereva na ofisi, na maelezo ya utingo kama alikuwepo. Piga picha za mzigo uliobaki ndani ya gari kabla haujashushwa. Picha hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani, na sababu utaiona kwenye hatua ya 3.

Kuwa makini na saa. Dereva akisema "saa sita na dakika tano", ripoti ya kifaa itasoma 12:05, na faili ghafi la kifaa hichohicho linaweza kuwa limehifadhi saa za UTC, zilizo mbele au nyuma ya saa za mahali hapo. Andika zote tatu kwenye karatasi moja, ukieleza zinavyolingana. Usipofanya hivyo, wakili wa upande wa pili atazisoma kama hadithi tatu tofauti, na dereva ataonekana mwongo hata pale anaposema kweli. Pakua rekodi mapema pia, kwa sababu mifumo mingi hufuta data za zamani yenyewe baada ya muda.

Hatua ya 2: Toa taarifa kwa bima, na usikiri kosa

Taarifa iende ndani ya muda ulioandikwa kwenye polisi yako ya bima. Eleza kilichotokea: mahali, saa, gari, dereva, walioumia. Usiandike "dereva wetu alikosea", na usimwahidi majeruhi kwamba kampuni italipa, kwa kuwa polisi nyingi za bima hukataza mteja kukiri au kupatana bila idhini ya bima. Kumpeleka mtu hospitali si kukiri kosa. Mpeleke.

Usifiche mchepuko. Bima ikiugundua kwenye rekodi ya kifaa baada ya wewe kuandika kwamba gari lilikuwa njiani kwa mteja, tatizo litakuwa taarifa ya uongo, na hilo ni zito kuliko mchepuko wenyewe.

Hatua ya 3: Pima mchepuko wenyewe

Hii ndiyo hatua inayoamua kesi, kwa hiyo usiikimbize.

Mwaka 1834, katika kesi ya Joel dhidi ya Morison, Jaji Parke aliweka mstari ambao mahakama bado zinautumia. Mtumishi aliye kwenye kazi ya bosi wake akizunguka kidogo, bosi anawajibika. Akitoka kwa mambo yake mwenyewe tu, bosi hawajibiki. Kati ya hayo mawili hakuna idadi ya kilomita iliyowekwa na sheria. Swali la kujiuliza ni hili: pale ajali ilipotokea, je, bado ilikuwa safari ya mwajiri iliyopinda, au ilikuwa safari nyingine kabisa?

Kesi mbili za zamani zinaonyesha tofauti. Katika Whatman dhidi ya Pearson ya 1868, mwendesha mkokoteni alikwenda nyumbani kula, karibu robo maili nje ya njia, wakati alikuwa amekatazwa. Farasi akaachwa bila mtu, akakimbia na kuleta hasara. Mwajiri alilipa. Mwaka uliofuata, katika Storey dhidi ya Ashton, mwendeshaji alikuwa ameshapeleka mvinyo na alitakiwa kurudi na chupa tupu. Karibu na kufika, akageuza kuelekea upande mwingine kwa shughuli binafsi ya karani aliyekuwa naye, na njiani akamgonga mtu. Mwajiri hakulipa, kwa sababu ile ilikuwa safari mpya isiyohusiana na kazi.

Sasa tuweke kwenye gari la leo. Gari linatoka ghalani saa 2:10 asubuhi na mizigo ya wateja sita. Saa 5:40 dereva amemaliza wa nne. Badala ya kunyoosha kwa wa tano, anakata kushoto kilomita 1.8 hadi kwa fundi kuchukua simu yake, anakaa dakika 12, kisha anageuza. Saa 6:05, zikiwa zimebaki mita 600 kuingia tena barabara kuu, anamgonga mwendesha baiskeli.

Angalia kila kipande. Umbali ni mdogo na muda ni mfupi. Mizigo miwili bado imo ndani ya gari, kwa hiyo kazi haijaisha. Ndiyo maana ile picha ya mzigo ni muhimu. Dereva ameshageuza na anarudi kwenye njia ya mteja wa tano, yaani anachofanya wakati huo kinarudi kuwa cha mwajiri. Na je, simu ile ndiyo anayotumia kuwapigia wateja awaambie amefika? Kama ndiyo, hata kusudi la mchepuko lina mguu mmoja kazini. Kwa picha hii, panga bajeti ukijua kampuni itawajibika. Kupigana juu ya "hakuwa kazini" kutakuongezea gharama za kesi tu.

Badilisha mambo machache. Mteja wa sita amekwisha pokea, gari ni tupu, na dereva anatakiwa kulirudisha ghalani upande wa kaskazini. Yeye anakwenda kilomita 14 kusini kumhamishia jamaa yake vyombo, na ajali inatokea akiwa bado anaelekea huko. Hapa hoja ya kampuni ina nguvu: kazi imekwisha, uelekeo ni kinyume, kusudi ni la dereva peke yake.

Lakini kuna swali moja ambalo mawakili wa wadai wazuri hawakosi kuliuliza: kampuni ilikuwa inajua? Rekodi za kifaa za miezi mitatu zikionyesha gari hilo likienda kusini kila Ijumaa na hakuna barua wala onyo hata moja, utaambiwa uliruhusu kwa kukaa kimya. Kwa hiyo kabla ya kuandika utetezi, soma rekodi za nyuma wewe mwenyewe. Upande wa pili utazisoma.

Hatua ya 4: Usitegemee "tulimkataza"

Katazo linalohusu namna ya kufanya kazi halimwokoi mwajiri. Katika Limpus dhidi ya London General Omnibus, 1862, dereva wa basi alikuwa na amri ya maandishi ya kutoshindana na mabasi mengine. Alishindana, akaleta ajali, na kampuni ililipa, kwa kuwa kuendesha basi ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya. Vivyo hivyo, amri ya kutozidi mwendo au kutoshika simu akiendesha haiondoi dhima. Ina faida ya kinidhamu, na inakusaidia kwenye hatua inayofuata.

Katazo linaloweka mipaka ya kazi yenyewe lina uzito zaidi, kwa mfano kwamba gari halitumiki kabisa baada ya mzigo wa mwisho. Nalo linahitaji kufuatwa kwa vitendo: funguo kurudishwa, saa kuandikwa kwenye daftari, anayevunja kuonywa kwa barua.

Hatua ya 5: Kagua kosa la kampuni yenyewe

Hata ukishinda hoja ya mchepuko, mdai anaweza kuja kwa mlango mwingine: uzembe wa kampuni, mbali na wa dereva. Breki ambazo dereva aliripoti na hazikutengenezwa. Leseni ambayo haikukaguliwa tangu aajiriwe, au isiyo ya daraja la gari hilo. Gari lililozidishiwa uzito. Ratiba ambayo haiwezekani bila kukimbia: wateja 6 kwa saa 3, dakika 20 za kushusha kila mmoja, zinakula saa 2 nzima na kuacha saa moja tu ya barabarani. Kama umbali wa mzunguko ni kilomita 90 zenye makutano na foleni, ratiba hiyo ni ushahidi dhidi yako, tena umeiandika mwenyewe.

Kwa hiyo chambua daftari la matengenezo, fomu za ukaguzi wa asubuhi na ratiba. Usirekebishe chochote kilichokwisha andikwa. Fomu iliyojazwa baada ya ajali hutambulika kwa wino mmoja na mwandiko mmoja wa wiki nzima, au kwa tarehe ya faili kwenye kompyuta.

Hatua ya 6: Mgawanyo wa lawama na deni kwa dereva

Mwendesha baiskeli akiwa naye alikosea, kwa mfano alitokea upande usio wake, mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kiwango cha lawama yake. Akionekana kuchangia asilimia 30, anapata asilimia 70 ya kiasi kilichokadiriwa. Hoja hii huzaa matunda mara nyingi kuliko hoja ya mchepuko, na inategemea vitu vinavyofutika haraka: alama za matairi, vipande vya taa, mahali magari yaliposimama. Pima umbali hadi kwenye kitu kisichohama, kama nguzo au mfereji, kabla gari halijavutwa.

Kuhusu kumdai dereva arudishe, kesi ya Lister dhidi ya Romford Ice ya 1957 ilikubali kwamba mfanyakazi mzembe anaweza kutakiwa kumrudishia mwajiri alicholipa. Kwa vitendo njia hii hutumika mara chache, maana kiasi kinazidi uwezo wa dereva, na dereva huyohuyo ndiye shahidi wako mkuu. Ukianza kumkata mshahara wiki ileile, kwanza utakuwa umevunja sheria ya kazi katika nchi nyingi, pili atakuja mahakamani kusema ofisi ndiyo iliyomtuma kwa fundi.