Kabla Mwenye Mzio wa Korosho Hajaonja Njugu

Njugu karanga ni jamii ya kunde. Ua lake huchanua juu ya ardhi, kisha hutoa kikonyo kinachoinama na kupenya udongoni, na ganda hukomaa humo chini. Jamaa zake ni maharagwe, ndengu na soya. Korosho hutoka kwenye mti wa ukoo mmoja na mwembe, na makadamia ya Murang'a na Embu ni ya ukoo mwingine kabisa. Kwa mtaalamu wa mimea jambo limeisha hapo. Kwa mzazi ambaye mtoto wake alivimba midomo baada ya kula korosho, bado halijaisha, na ninaumia kila ninapomsikia mtu akimwambia, "Njugu ni kama maharagwe, mpe tu."

Kinga ya mwili haiulizi ukoo wa mmea, inatambua umbo la protini. Baadhi ya protini ambazo mbegu hujiwekea kama akiba hufanana kati ya njugu na korosho, ingawa mimea yenyewe haina udugu. Ndiyo maana, kwa makadirio mengi, asilimia 20 hadi 40 ya wenye mzio wa njugu huwa pia na mzio wa angalau aina moja ya kokwa za miti, kama korosho na makadamia. Wakati huohuo wengi wao hula maharagwe na ndengu bila shida yoyote. Udugu wa mimea unapotosha pande zote mbili.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 8, mwenye kilo 25, anayeishi Umoja. Alikula barfi ya korosho kwenye sherehe huko Parklands, akatoka vipele na kutapika kabla ya nusu saa kupita. Jambo la kwanza la kuzingatia ni historia yake: je, amekuwa akila njugu au siagi ya njugu mara kwa mara bila tatizo? Kama ndiyo, hana mzio wa njugu, na hakuna sababu ya kumwachisha. Hapo kipimo cha njugu kikitoka chanya kinaweza kumtia mzazi hofu ya bure, kwa sababu kipimo cha ngozi au cha damu huonyesha kwamba mwili unaitambua protini, si kwamba mtoto atadhurika akiila. Pistachio ni habari nyingine. Ni ya ukoo mmoja na korosho na protini zao zinakaribiana mno, kwa hiyo aiepuke hata kama hajawahi kuionja.

Kama hajawahi kula njugu, asijaribiwe nyumbani. Apelekwe kwa daktari anayeshughulikia mzio, na mzazi aulize mapema dawa za mafua au za kuwashwa zisimamishwe lini, kwa kuwa nyingi huficha majibu ya kipimo cha ngozi kwa siku kadhaa. Ikibaki shaka, mtoto huonjeshwa njugu hospitalini kidogo kidogo, dawa ya dharura ikiwa karibu.

Tuseme ameruhusiwa kula njugu. Sasa tatizo linahamia kwenye mashine. Duka linalosaga siagi ya njugu mteja akisubiri mara nyingi husaga pia korosho na makadamia, na mabaki hujificha kwenye mawe na shingo ya mashine, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kuuliza "mna korosho?" hakutoshi. Uliza mashine hii imesaga nini leo, na kama kijiko cha kupimia ni kimoja. Mchuuzi anayekaanga njugu pekee kwenye karai lake ni afadhali kuliko yule mwenye mchanganyiko, lakini lililo salama zaidi ni kununua njugu mbichi zenye maganda na kuzikaanga nyumbani. Kukaanga hakuui mzio. Protini hizi hustahimili moto.

Adrenalini, ile dawa ya dharura, iwepo kabla ya yote haya, si baada ya ajali. Kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, hivyo msichana wetu angehitaji miligramu 0.25, yaani mililita 0.25 ya ile ya miligramu 1 kwa mililita, ikidungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Daktari aiandike na amfundishe mzazi. Itumike sauti ikikwaruza, pumzi ikibana, akilegea, au vipele vikiambatana na kutapika. Vidonge vya mzio havifungui koo. Alale chali miguu ikiinuliwa, au akae kama anapumua kwa shida, na asisimamishwe ghafla. Dakika 5 hadi 15 zikipita bila nafuu, adungwe tena. Hata akipata nafuu apelekwe hospitalini na aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi dawa ikiisha nguvu.