Picha ya magharibi: fisi, mbwa mwitu au bweha?

Mdogo wangu alinitumia hapa Lubumbashi picha aliyopiga Kafue, kule Zambia, jua likiwa limeshazama. Kivuli cheusi majanini, na ncha nyeupe mkiani. Akaandika: "Yaya, mbwa mwitu!"

Ncha nyeupe haitoshi, maana bweha wa miraba wa huko naye anayo. Giza likila rangi, mimi huanza na mgongo. Fisi madoa ana mabega ya juu na makalio yaliyoshuka, shingo nene, mkia mfupi. Mbwa mwitu na bweha wana mgongo ulionyooka. Ila angalia ardhi kwanza: mnyama akipanda kilima, mgongo wowote utaonekana umeinama. Hapo linganisha miguu. Ya mbele ya fisi ni mirefu kuliko ya nyuma.

Kisha vuta picha kwenye masikio. Ya mbwa mwitu ni mapana, yamesimama, ncha yake ya mviringo kama kijiko. Ya bweha yamechongoka. Ya fisi madoa ni ya mviringo pia, lakini madogo kwa kichwa kizito kile.

Picha ya mdogo wangu ilikuwa na mgongo ulionyooka, masikio yaliyochongoka na mwili mwembamba ulioishia kwenye ncha za majani. Nikaongeza mwangaza kidogo: ubavuni mstari mmoja hafifu, wala si mabaka ya mbwa mwitu. Alikuwa bweha. Ukiongeza mwangaza kupita kiasi, chengachenga za picha hugeuka madoa, nawe utamwona fisi asiyekuwepo.