Kupanga bei ya spea dola inapopanda: usiuze seti ukashindwa kuirudisha rafuni

Mwaka 2023 shilingi ya Kenya ilianza karibu 123 kwa dola na ikamaliza kwenye 156 na ushee, kwa kiwango cha Benki Kuu. Mimi nauza spea za magari Mombasa, na mwaka huo duka langu lilikuwa na wateja tele. Daftari lilionyesha faida kila mwezi. Lakini kila nilipoagiza mzigo, hela zilezile zilileta katoni chache zaidi. Rafu zilikuwa zinapungua huku vitabu vinanipongeza. Nilikuwa nakula mtaji bila kujua.

Nitatumia bidhaa moja mwanzo hadi mwisho: seti ya pedi za breki za mbele. Hesabu zote ni kabla ya VAT.

Hatua ya 1: Tenganisha gharama za dola na gharama za shilingi

Wengi husikia dola imepanda asilimia 25 na kupandisha bei zote kwa asilimia 25. Si sahihi, kwa sababu si kila gharama inafuata dola. Bei ya kiwandani, nauli ya meli na bima ni dola. Ushuru unalipwa kwa shilingi, lakini unakokotolewa juu ya thamani ya mzigo iliyobadilishwa kutoka dola, kwa hiyo nao unapanda. Lori la kutoa mzigo, wapagazi na malipo ya wakala wa forodha ni shilingi, na hayo hupanda polepole.

Seti yangu ilinigharimu dola 20 hadi Kilindini. Kwa mfano huu naweka ushuru na ada zinazofuata dola kuwa asilimia 40. Wewe toa asilimia yako kwenye karatasi za mzigo wako wa mwisho. Mzigo wa Januari niliulipia dola kwa 125: 2,500, ushuru na ada 1,000, gharama za hapa 300. Jumla 3,800.

Hatua ya 2: Kokotoa gharama ya kuirudisha leo

Tumia kiwango ambacho benki yako inakuuzia dola leo. Kile cha Benki Kuu ni wastani, na dukani kwako hutakipata. Desemba nilinunua dola kwa 160. Hesabu ikawa 3,200, ushuru na ada 1,280, gharama za hapa 320. Jumla 4,800.

Kwenye jedwali la kompyuta, andika kiwango mara moja tu kwenye seli H1, bei ya dola kwenye safu B na gharama za shilingi kwenye safu C. Safu D ndiyo gharama ya kurudisha:

```
=B2*$H$1*1.4+C2
```

Kila Jumatatu nabadilisha H1 peke yake, na orodha nzima inajisahihisha.

Sasa tazama. Nilikuwa nauza seti 4,750, yaani gharama na robo yake juu. Kitabu kinasema faida ni 950. Lakini seti nyingine ni 4,800, kwa hiyo kabla hata ya kodi ya pango nimepungukiwa na 50. Ile 950 ni faida hewa: imetokana na kuwa na mzigo wa zamani stoo wakati dola inapanda. Ukiitoa kwa matumizi ya nyumbani, umeuza kipande cha duka.

Hatua ya 3: Weka bei ukikumbuka kodi

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilisema pango na mishahara havijapanda, basi nikiongeza ileile 950 juu ya 4,800 inatosha: 5,750. Sikumkumbuka mtoza kodi. KRA haitambui gharama ya kurudisha. Inatambua ile uliyolipa, 3,800.

Tufuate hiyo 5,750. Pango, mishahara na umeme kwa seti moja naviweka 600. Faida ya vitabuni ni 5,750 kutoa 3,800 kutoa 600, yaani 1,350. Kampuni inalipa asilimia 30, ambayo ni 405. Mkononi zinabaki 4,745. Bado siwezi kununua seti nyingine!

Bei ya chini kabisa inayokurudishia seti baada ya kodi inapatikana hivi, E ikiwa matumizi ya duka na F gharama ya kitabuni:

```
=(D2+E2-0.3*(E2+F2))/0.7
```

Kwa seti yangu jibu ni karibu 5,830. Nikaweka 6,000, ambayo inaacha 120 kwa seti. Ikiwa unalipa kodi ya mauzo badala ya kodi ya faida, fomyula hii si yako: toa asilimia yake moja kwa moja kwenye bei ya kuuzia.

Jirani mwenye mzigo wa zamani atauza 5,000 na wateja watahamia kwake. Kwa bidhaa inayotoka kila siku mimi huvumilia. Akimaliza mzigo wake atakutana na dola ileile. Hesabu seti zako na usishindane naye kwa kuuza chini ya 5,830. Ila kwa spea iliyokaa miaka miwili na huna nia ya kuiagiza tena, gharama ya kurudisha haikuhusu. Iuze kwa bei yoyote sokoni, upate hela ya kununua kinachotoka.

Gereji ninazozikopesha siku 30 nazo nilizibadilishia utaratibu. Kotesheni zangu sasa zinadumu siku saba, kwa sababu deni la shilingi linasinyaa huku gharama ya kurudisha ikipanda.

Hatua ya 4: Vitabuni, acha gharama uliyolipa

Usipandishe thamani ya mzigo vitabuni hadi 4,800 eti ndiyo bei ya leo. Kiwango cha uhasibu IAS 2 kinataka mzigo uandikwe kwa gharama uliyolipa, au kwa kiasi utakachopata ukiuza baada ya kutoa gharama za kuuzia, kile kilicho kidogo. Kuhesabu kwamba mzigo wa mwisho kuingia ndio uliouzwa kwanza pia hakuruhusiwi. Umebaki na njia mbili: wa kwanza kuingia ndio wa kwanza kutoka, au wastani. Seti 40 za 3,800 zikikutana na 60 za 4,800, wastani ni 4,400. Wastani unapunguza faida hewa kidogo, hauiondoi.

Gharama ya kurudisha iweke kwenye jedwali lako la ndani. Mwisho wa mwezi zidisha tofauti ya safu D na F kwa seti ulizouza, na kiasi hicho kisitoke dukani.

Hatua ya 5: Dola ikishuka, shuka nayo

Januari 2024 dola ilivuka 160. Nikaamini itafika 180, nikaagiza mzigo mkubwa, na bei nikazipanga kwa hiyo 180. Mwezi Februari serikali ikapata fedha za kulipia sehemu kubwa ya deni la dola la Yuroboni, shilingi ikapanda ghafla, na mwishoni mwa Machi dola ilikuwa karibu 131. Kwa dola ya 134 ya benki, seti inarudi kwa 4,072. Mimi nina rafu za 4,800.

Tangu hapo sibashiri. H1 ni kiwango cha leo tu, kiwe juu au chini, na ninaagiza mara nyingi kidogo kidogo. Sokoni bei ilipofika 4,700, nilitoa kamisheni ya 150 nikabaki na 4,550, hivyo vitabuni kila seti ilishuka kwa 250. Kilichonilazimu kuishusha ni ile 4,550 ninayoweza kupata. Hiyo 4,072 peke yake isingetosha: kama soko lingekuwa bado linalipa 5,200, seti ingebaki kuandikwa 4,800.